Kamba wa kukaanga: Sekunde chache zinazotenganisha utamu na mpira

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam anayeamka alfajiri kwenda soko la samaki la Feri kununua kilo moja ya kamba hurejea nyumbani na mfuko unaodondosha maji ya barafu na pochi iliyopungua uzito. Kamba si dagaa. Kwa kaya nyingi za mjini ni kitoweo cha wageni, cha sikukuu, au cha siku ile mshahara ulipoingia.

Ndiyo maana inauma zaidi pale kitoweo hicho kinapofika mezani kikiwa kimejikunja kama pete, kimesinyaa hadi kuonekana nusu ya kile kilichonunuliwa, na kila anayekitafuna anahisi amepewa kipande cha kandambili.

Lawama kwa kawaida hupelekwa kwa muuzaji. Husemwa kuwa kamba wale walikuwa wa juzi, au kwamba walilazwa kwenye barafu muda mrefu. Mara nyingi muuzaji hana hatia. Kamba aliyechakaa huwa mlegevu, nyama yake huvunjikavunjika na harufu yake hukata pua. Kamba aliye mgumu kama mpira, kinyume chake, aghalabu alikuwa mzuri kabisa mpaka alipofika jikoni. Kilichomharibu ni dakika mbili au tatu za ziada juu ya moto.

Makala haya yanaeleza namna moja tu ya upishi: kukaanga kamba aliyemenywa, bila unga wala mchuzi, katika kikaango chenye moto mkali, kwa sekunde zinazohesabika kila upande. Ni njia ya haraka kuliko zote, na pia ndiyo inayoonyesha waziwazi kinachotokea ndani ya nyama hiyo.

Tuanze na nyama yenyewe. Sehemu tunayokula ni ile tunayoiita mkia, ambayo kazi yake kwa mnyama huyu ni moja kubwa: kukimbia. Kamba anapostushwa hujikunja kwa ghafla na kujirusha kinyumenyume. Kwa hiyo kitoweo chetu ni msuli uliotengenezwa kwa ajili ya pigo la haraka, wenye nyuzinyuzi nyembamba, na usio na tishu nyingi ngumu za kuunganishia nyama kama zilizomo katika mguu wa ng'ombe.

Msuli huo umejaa maji. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, nayo yameshikiliwa katikati ya nyuzi za protini mithili ya maji ndani ya sifongo. Utamu wa kamba, ule ulaini wenye kukatika vizuri menoni, unategemea maji hayo yabaki mahali pake hadi kinywani.

Protini mbili ndizo zinazoamua jambo hilo. Ya kwanza huitwa mayosini. Hii huanza kubadilika joto la ndani ya nyama linapofika kati ya nyuzijoto 40 na 50 za Selsiasi. Inapobadilika, nyama iliyokuwa ya kijivu na yenye kupenyeza mwanga hugeuka kuwa nyeupe, na ile hali ya kuteleza kama jeli huondoka. Kamba katika hatua hiyo ameanza kushikana, lakini maji yake bado yamo.

Ya pili huitwa aktini. Hii ni sugu zaidi. Husubiri mpaka joto la ndani lipite nyuzijoto 65 hivi na kuelekea 70. Ikishabadilika, nyuzinyuzi za msuli hujivuta, huwa fupi na nene, na kuyaminya maji yaliyokuwa katikati yake. Ni kama mtu anayekamua nguo iliyofuliwa: anazungusha mikono, na maji yanatoka yenyewe. Kinachobaki ni protini zilizobanana, kavu, zenye kurudisha jino linapozigusa. Huo ndio mpira.

Kwa hiyo kuna kijia chembamba cha kupita. Chini ya nyuzijoto 50 kamba bado ni mbichi katikati. Kuanzia 55 hadi 63 hivi ameiva na ana majimaji. Akivuka 70 ameanza kukauka. Uso wa kikaango chenye moto mkali, wakati huohuo, una nyuzijoto 200 au zaidi. Kwa kamba wa ukubwa wa kati, safari ya kutoka upande mmoja wa kijia hicho hadi mwingine haichukui hata dakika moja. Mpishi aliyegeuka kukata kitunguu ameshachelewa.

Msomaji makini anaweza kuuliza: kama joto kali ndilo linalomkimbiza kamba namna hiyo, kwa nini usitumie moto mdogo, ukapata nafasi ya kupumua?

Jibu lipo katika mambo mawili. La kwanza ni maji. Kamba akiwekwa katika kikaango kisicho na moto wa kutosha, majimaji yanayotoka kwenye uso wake hayageuki mvuke papo hapo bali hutuama chini. Maji yakishatuama, joto la kikaango halipandi tena juu ya nyuzijoto 100 mpaka yakauke yote. Kamba sasa hakaangwi. Anachemshwa katika maji yake mwenyewe. Ule uso wa hudhurungi wenye harufu ya kuchomwa unahitaji nyuzijoto 140 au zaidi, na uso mkavu. Mabadiliko hayo yalielezwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Anayesubiri rangi hiyo itokee kwenye kikaango chenye maji atasubiri mpaka maji yakauke, na kufikia hapo katikati ya nyama kumepita zamani nyuzijoto 70.

Jambo la pili halijulikani sana. Kichwani mwa kamba kuna kiungo cha kusagia chakula, na kiungo hicho kina vimeng'enya vyenye uwezo wa kuitafuna protini. Kamba akikaa muda na kichwa chake bila barafu, vimeng'enya hivyo hupenya kwenye mkia na kuanza kuila nyama. Joto la wastani, lile la nyuzijoto 50 hadi 60, huvichangamsha badala ya kuviua. Kamba anayepashwa taratibu katika eneo hilo anaweza kutoka akiwa mlegevu kama uji. Moto mkali huvipitisha vimeng'enya katika hatua hiyo kwa sekunde chache na kuvizima kabla havijafanya kazi.

Hivyo moto mkali hauchaguliwi kwa kiburi cha wapishi wa mahotelini wanaopenda kuona ndimi za moto. Unachaguliwa kwa sababu ndio unaowezesha nje kuchomeka kabla ndani hakujaharibika.

Hapa inafaa kutaja kosa la mawazo ambalo huwaponza wengi wanaojua kupika pweza. Pweza naye akiiva kidogo huwa mgumu, na watu wa pwani wanajua kuwa dawa yake ni kumwacha jikoni muda mrefu mpaka alegee. Sababu ni kwamba pweza ana kolajeni nyingi, yaani zile tishu za kuunganishia, ambazo zikichemshwa kwa muda huyeyuka na kuwa kama gelatini. Kamba hana akiba hiyo ya kutosha. Akishakuwa mpira, kumwongezea nusu saa hakumrudishi, kunamkausha tu.

Kabla ya kuwasha jiko

Kilo moja ya kamba wazima, ukishatoa vichwa na magamba, hubakiza takriban nusu kilo ya nyama. Ni vyema kuhesabu hivyo mapema ili wageni wasipungukiwe. Vichwa na magamba visitupwe, nitavirudia.

Ukishamenya, pasua mgongo kwa ncha ya kisu, kina kisichozidi milimita mbili au tatu, utoe ule uzi mweusi. Uzi huo ni utumbo. Kwa kamba wakubwa huwa na mchanga na huharibu mlo. Usikate kwa kina zaidi ya hapo, kwa sababu kamba aliyepasuliwa karibu nusu hupokea joto kutoka pande nyingi zaidi na hesabu yote ya sekunde inayofuata haitamhusu.

Kisha mkaushe. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayobeba matokeo. Tandaza kamba juu ya kitambaa safi au karatasi za jikoni, wafunike kwa kingine, gandamiza taratibu. Rudia mpaka kitambaa kisilowane. Kila tone la maji linalobaki juu ya kamba lazima ligeuke mvuke kabla uso haujaanza kuchomeka, na kugeuza maji kuwa mvuke hula joto jingi sana, joto ambalo kikaango kilikuwa kimeliweka kwa ajili ya nyama.

Kamba wa kugandishwa wana tabu yao. Baadhi ya viwanda huwaloweka katika maji yenye chumvi za fosfati ili washike maji zaidi na uzito uongezeke. Kamba wa namna hiyo huonekana wanang'aa na kuteleza kama sabuni, na wakiingia kikaangoni humwaga maji hayo. Soma maelezo kwenye pakiti. Kama kuna fosfati, kausha mara mbili na ukaange wachache zaidi kwa wakati mmoja. Kuyeyusha barafu kufanyike ndani ya jokofu usiku kucha, au kwenye mfuko uliofungwa uliotumbukizwa katika maji baridi. Maji ya moto huanza kuwapika nje wakati katikati bado ni barafu.

Suala la ndimu ni zito kwa watu wa pwani, na naliandika kwa tahadhari. Desturi ya wengi ni kulowesha kamba katika ndimu, kitunguu saumu na tangawizi kwa saa moja au zaidi. Asidi ya ndimu, hata hivyo, hubadilisha protini kwa namna inayofanana na joto. Tazama kamba aliyekaa kwenye ndimu nusu saa: uso wake umeshakuwa mweupe. Ameanza "kupikwa" kabla ya moto kuwashwa, ameshapoteza sehemu ya maji yake, na kikaango kitamaliza kazi hiyo kwa ukatili. Chumvi na pilipili manga vinatosha kabla ya kukaanga. Ndimu ikamuliwe mwishoni, kamba wakiwa wameshatoka motoni. Ladha haipungui, naamini huongezeka.

Vitunguu saumu vilivyosagwa, binzari na pilipili ya unga navyo visubiri. Katika nyuzijoto 200 huungua na kuwa vichungu ndani ya muda mfupi kuliko ule ambao kamba anauhitaji kuiva.

Kikaango na tone la maji

Chombo kinachofaa ni kikaango kizito cha chuma. Uzito wake ndio ghala la joto: kamba kumi na wawili baridi wakiwekwa juu yake, joto hushuka lakini haliporomoki. Sufuria nyembamba ya alumini hupata moto haraka na kuupoteza haraka vilevile. Mwenye sufuria hiyo tu anaweza kufanikiwa, ila akaange kamba watano au sita kwa mkupuo.

Vikaango visivyonata havifai kwa kazi hii. Utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi wenye madhara unapopita nyuzijoto 260 hivi, na kikaango kitupu kilichosahaulika juu ya moto mkubwa hufika huko bila kutoa taarifa.

Wengi hatuna kipimajoto cha kupimia uso wa kikaango, lakini tone la maji linatosha. Weka kikaango kikavu juu ya moto mkubwa kwa dakika mbili au tatu, kisha dondosha tone moja. Likitulia na kuchemka taratibu, bado. Likichachatika na kutoweka mara moja, umekaribia. Likijikusanya kuwa kipira na kuanza kukimbiakimbia juu ya chuma kama goroli bila kukauka upesi, uso umepita nyuzijoto 190 au 200. Tone hilo linaelea juu ya mto mwembamba wa mvuke wake lenyewe. Daktari wa Kijerumani Johann Gottlob Leidenfrost alilieleza jambo hilo mwaka 1756.

Pangusa maji kabisa kabla ya kutia mafuta, la sivyo yatakurukia. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Mafuta ya alizeti au ya karanga yaliyosafishwa kiwandani yanafaa kwa kuwa huvumilia joto, na samli safi pia huvumilia. Siagi huungua. Mafuta yakianza kutetemeka na kutoa ukungu mwembamba wa moshi, ni wakati wa kuweka kamba. Yakitoa moshi mzito wa kukereketa koo, ondoa kikaango motoni kwanza.

Wenye jiko la mkaa wasijione wameachwa nyuma. Makaa yaliyokolea, yasiyo na ndimi za moto, hutoa joto kubwa na la kudumu. Tatizo lake ni kwamba huwezi kulipunguza kwa kuzungusha kitasa, hivyo sahani ya kupokelea kamba iwe tayari mkononi.

Sekunde zenyewe

Mwandishi wa makala haya alifanya hesabu hii jikoni mwake kwa saa yenye mshale wa sekunde. Nyama ilikuwa karibu nusu kilo, yaani kamba 36 wa ukubwa wa kati waliomenywa, kila mmoja akiwa na gramu 13 hadi 14. Kikaango kilikuwa cha chuma, upana sentimita 26, juu ya jiko la gesi. Kamba waligawanywa mafungu matatu ya 12 kila moja.

Fungu la kwanza lilipangwa kama namba za saa ya ukutani, kuanzia mahali pa namba 12 na kuzunguka. Mpangilio huo si wa urembo. Kuweka kamba 12 mmoja mmoja huchukua sekunde 12 hadi 15, na kwa chakula kinachoiva kwa dakika moja na nusu, tofauti ya sekunde 15 si ndogo. Ukiwageuza kwa mfuatano uleule uliowaweka, kila mmoja anapata muda sawa na mwenzake.

Sauti ina maana. Kamba wanapogusa chuma panapaswa kusikika mchachariko mkali usiokatika. Sauti ikifa na kubaki mchemko wa chinichini, maji yameshatuama, na dawa yake ni kutoa nusu ya kamba mara moja. Ndiyo sababu hawajazwi kikaangoni. Nafasi ya upana wa kidole kati ya mmoja na mwingine huupa mvuke njia ya kutokea.

Usiwaguse. Anayewakoroga huwazuia kuchomeka. Upande wa kwanza ulipewa sekunde 50. Kufikia hapo ukingo wa chini ulikuwa umegeuka waridi, na weupe ulikuwa umepanda ubavuni hadi karibu nusu ya unene. Wakageuzwa kwa koleo. Upande wa pili ulipewa sekunde 30 tu, kisha wakatolewa, tena kwa mfuatano uleule.

Upande wa pili hupewa muda mfupi kwa sababu nyama imeshapata moto, na kwa sababu upishi hauishii kikaangoni. Joto lililo nje ya kamba huendelea kusafiri kuelekea katikati kwa muda hata akiwa kwenye sahani. Kamba aliyetolewa akiwa na ukanda mwembamba wa kijivu katikati ya sehemu nene ataukosa ukanda huo dakika moja baadaye. Aliyetolewa akiwa ameiva sawasawa atazidi kuiva. Sahani iwe pana, na kamba wasirundikwe, maana rundo hutunza joto na kuendelea kuwapika waliomo ndani.

Kikaango kilirudishwa motoni kitupu kwa dakika moja ili kirejeshe joto kabla ya fungu la pili, ambalo lilifuata njia ileile.

Fungu la tatu lilitumika kwa majaribio. Kamba wanne walitolewa baada ya sekunde 80 kama wenzao. Wanne wengine waliachwa mpaka dakika mbili na nusu, na wanne wa mwisho mpaka dakika tano, wakigeuzwagezuzwa.

Wale wa sekunde 80 walikuwa wamejikunja nusu duara, nyama yao nyeupe yenye mng'ao, na kisu kilipopita kati majimaji yalibaki ndani. Wale wa dakika mbili na nusu walikuwa wameanza kukaza. Waliliwa bila malalamiko, lakini maji yalionekana wazi yakitiririka kutoka kwao kwenye sahani. Wale wa dakika tano walikuwa pete kamili, mkia ukigusa upande wa shingo, wafupi kuliko wenzao kwa kuwatazama tu. Nyama yao ilichambuka nyuzinyuzi kama uzi wa katani. Walikuwa wa mfuko mmoja, walionunuliwa saa moja na kwa muuzaji mmoja.

Kujikunja huko kunatokana na umbo la msuli. Upande wa tumbo una msuli mnene wa kujikunjia, wenye nguvu kuliko ule wa mgongoni wa kujinyooshea. Nyuzinyuzi zinapojivuta kwa joto, upande wenye nyama nyingi hushinda. Kwa hiyo umbo la nusu duara ni dalili ya kuiva, na pete iliyofungwa ni dalili ya kupitiliza. Dalili hiyo haiaminiki kwa kamba aliyepasuliwa mgongo kwa kina, wala kwa aliyechomwa kijiti.

Rangi nayo hudanganya. Wekundu wa kamba aliyepikwa ulikuwamo tangu mwanzo, katika rangi ya asili iliyo ya jamii moja na ile ya karoti, ila ilikuwa imefungwa na protini iliyoifanya ionekane ya kijivu au samawati. Joto huifungua. Lakini rangi hiyo imo zaidi kwenye gamba na ngozi ya juu, hivyo kamba huweza kuwa mwekundu nje huku katikati akiwa mbichi. Mahali pa kutazama ni pale kichwa kilipokatwa, kwenye shingo, ambako nyama ni nene kuliko kote. Pale pakishakuwa peupe, pasipopenyeza mwanga, kamba ameiva.

Wakubwa na wadogo

Sekunde 50 na 30 si sheria ya kamba wote. Muda wa joto kufika katikati hauongezeki kwa uwiano wa unene pekee, bali kwa mraba wake: kamba mwenye unene maradufu huhitaji muda unaokaribia mara nne. Kwa kamba wadogo wa gramu saba au nane, sekunde 25 upande mmoja na 15 upande wa pili hutosha. Kwa wale wakubwa wa gramu 25 hivi, sekunde 90 na kisha 60 ni makadirio ya kuanzia, halafu tazama shingo.

Kamba wakubwa zaidi, wale wenye milia wanaofika gramu 50 na kuendelea, hawafai kwa njia hii wakiwa wazima; nje huungua kabla ndani hakujapata habari. Wapasue wawe vipande viwili kwa urefu, na kila kipande kikaangwe kama kamba wa kati. Kuchanganya wakubwa na wadogo katika fungu moja ni kuamua mapema kwamba nusu yao wataharibika, kwa hiyo chambua kwanza kwa ukubwa.

Wengi hupitiliza moto kwa hofu ya ugonjwa, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kamba mbichi anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huelekeza vyakula vya baharini vifikie nyuzijoto 63 ndani, na kwa kamba hutaja alama ya nyama kuwa nyeupe ya lulu isiyopenyeza mwanga. Kiwango hicho kiko chini ya pale mpira unapoanza. Usalama na ulaini, kwa maneno mengine, vinakutana, ingawa nafasi yao ni finyu. Wajawazito, watoto wadogo na wenye kinga dhaifu wasipewe kamba mwenye kijivu kilichobaki katikati. Na mwenye mzio wa kamba asidanganyike kuwa moto mkali utamsaidia, kwani protini inayosababisha mzio huo huvumilia joto.

Linabaki swali la wapenzi wa kamba wa nazi, ambao ni wengi kuliko wapenzi wa kamba wakavu. Mapishi mengi ya majumbani huwatia kamba pamoja na tui na kuwaacha wachemke mpaka mchuzi uwe mzito, dakika 15 au 20. Kinachohitaji muda huo ni nyanya, viungo na tui, kamba hahitaji. Kaanga kamba kwanza kwa namna iliyoelezwa, ukipunguza sekunde kumi upande wa pili, uwaweke pembeni. Katika kikaango hichohicho pika kitunguu, saumu, nyanya na tui mpaka mchuzi uwe kama unavyoutaka. Zima moto, rudisha kamba pamoja na majimaji yaliyojikusanya kwenye sahani, funika kwa dakika moja, kamulia ndimu. Kwa pilau ya kamba utaratibu ni huohuo: wali uive kwanza, kamba waingie mwishoni.

Na vile vichwa na magamba, vikaangwe kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu, viongezwe maji na kuchemshwa dakika 20 hadi 30, kisha vichujwe. Supu yake ndiyo itumike badala ya maji katika mchuzi au pilau hiyo. Humo ndimo kamba anapovumilia kuchemshwa.

Wakibaki kamba usiku, waingie kwenye jokofu mapema na waliwe baridi kesho yake, pamoja na kachumbari. Kuwapasha moto upya ni kuwapika mara ya pili, na safari hii nyuzijoto 70 zitapitwa bila shaka.